Baki Ndogo: Kugawanya Namba Kamili za Gauss

Leo tunagawanya. Kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue. Hesabu za leo ni fupi na zinafuatika kwa sikio, lakini ukiziandika utaziona vizuri zaidi.

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiambiwa agawanye 47 kwa 6, atajibu 7, baki 5. Mwalimu wake atamwekea sharti moja tu: baki iwe ndogo kuliko namba tunayogawia. Akijibu 6 na baki 11 atakosolewa, ingawa 6 mara 6 jumlisha 11 ni 47 kweli. Sharti hilo huonekana kama usafi wa daftari tu, kumbe hisabati nzima ya kugawanya imeliegemea. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euklides alieleza katika kitabu cha saba cha Elementi jinsi ya kupata kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ile ndogo kwa baki, chukua baki mpya, endelea hivyo mpaka baki iwe sifuri. Baki ya mwisho kabla ya sifuri ndiyo jibu. Kazi hiyo ina mwisho kwa sababu kila baki ni ndogo kuliko iliyotangulia, na namba nzima zisizo hasi haziwezi kupungua milele. Ondoa sharti la baki ndogo, na hakuna tena anayeweza kukuhakikishia kwamba utamaliza.

Sasa tuhamie kwenye namba changamano. Kila moja ina sehemu mbili, sehemu halisi na sehemu inayozidishwa kwa i, na i ni ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata hasi 1. Leo tunashughulika na zile ambazo sehemu zote mbili ni namba kamili: 4+i, 9+10i, hasi 3 kutoa 2i, na hata 7 ya kawaida, maana 7 ni 7+0i. Tunaziita namba kamili za Gauss, kwa sababu Carl Friedrich Gauss wa Göttingen ndiye aliyeziingiza rasmi katika nadharia ya namba, kwenye andiko alilolichapisha mwaka 1832. Ukijumlisha mbili kati yake, ukitoa au ukizidisha, unabaki ndani ya kundi hilohilo. Ukigawanya ndipo unapotoka nje, sawasawa na 47 kwa 6 isivyotoa namba kamili. Kwa hiyo tunahitaji baki.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Nikisema baki iwe ndogo, nina maana gani? Kati ya 2+4i na 4+i, ipi ndogo? Namba changamano hazijipangi kwenye mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Zimetawanyika kwenye uwanja mzima, sehemu halisi ikipimwa kwenye mhimili wa mlalo na sehemu ya i kwenye mhimili wa wima. Tunahitaji kipimo kingine, na kipimo hicho kinaitwa nomu. Chukua sehemu halisi uizidishe yenyewe kwa yenyewe, fanya hivyo kwa sehemu ya pili, kisha jumlisha. Nomu ya 4+i ni 16 jumlisha 1, yaani 17. Nomu ya 2+4i ni 4 jumlisha 16, yaani 20. Aliyesoma kanuni ya Pithagoras atatambua kwamba nomu ni umbali wa namba hiyo kutoka sifuri, ukiwa umepandishwa kipeo cha pili. Nomu ya namba kamili ya Gauss daima ni namba nzima isiyo hasi, nayo huwa sifuri kwa sifuri peke yake. Kwa hiyo nomu nazo haziwezi kupungua milele, na hilo ndilo tulilolihitaji kwa Euklides.

Nomu ina sifa moja ambayo bila hiyo mazungumzo haya yasingefika popote: nomu ya zao ni zao la nomu. Tujaribu. Zidisha 4+i kwa 3+2i. Sehemu halisi ni 12 kutoa 2, yaani 10. Sehemu ya i ni 8 jumlisha 3, yaani 11. Jibu ni 10+11i, na nomu yake ni 100 jumlisha 121, yaani 221. Nomu za namba mbili tulizoanza nazo ni 17 na 13, na 17 mara 13 ni 221. Si bahati. Ukifungua mabano kwa herufi badala ya tarakimu, mambo ya katikati hufutana na usawa hubaki. Tena sifa hii haijali kama sehemu za namba ni nzima au ni desimali. Inafanya kazi kwa 0.3 kutoa 0.2i vilevile. Shika neno hilo, tutalirudia.

Sifa hiyohiyo inatupa jambo dogo ambalo ufafanuzi wa domeni ya Euklides, tutakaoufikia baadaye, unalidai: namba mbili zisizo sifuri zikizidishwa hazitoi sifuri, kwa kuwa nomu zao zote ni kubwa kuliko sifuri, na zao la nomu hizo vilevile. Hilo tumelimaliza.

Sasa tugawanye kweli. Gawanya 9+10i kwa 4+i. Kwanza fanya mgawanyo kamili, bila kujali desimali. Ili kuondoa i chini, zidisha juu na chini kwa 4 kutoa i. Chini unapata 17. Juu, sehemu halisi ni 36 jumlisha 10, yaani 46. Sehemu ya i ni 40 kutoa 9, yaani 31. Kwa hiyo jibu kamili ni 46 juu ya 17, jumlisha 31 juu ya 17 mara i. Kwa desimali ni karibu 2.71 na 1.82.

Jibu hilo si namba kamili ya Gauss. Tutalikadiria, kila sehemu peke yake, hadi namba nzima iliyo karibu nayo zaidi. Kwa 2.71 iliyo karibu ni 3, kwa 1.82 ni 2. Jibu letu ni 3+2i. Tayari tumeshaizidisha hiyo kwa 4+i tukapata 10+11i. Baki ni 9+10i kutoa 10+11i, yaani hasi 1 kutoa i. Nomu ya baki ni 1 jumlisha 1, yaani 2. Nomu ya namba tuliyogawia ilikuwa 17. Baki ni ndogo, tena ndogo sana.

Msikilizaji makini ataona kwamba baki imetoka hasi, na kwamba tumevuka juu ya jibu halisi badala ya kusimama chini yake. Darasani tulizoea kushuka: 47 kwa 6 ni 7 na kitu, tunaacha kitu, tunachukua 7. Je, tukishuka vivyo hivyo hapa? Badala ya 2.71 tuchukue 2, na badala ya 1.82 tuchukue 1. Jibu linakuwa 2+i. Zidisha 4+i kwa 2+i: sehemu halisi ni 8 kutoa 1, yaani 7, sehemu ya i ni 4 jumlisha 2, yaani 6. Baki ni 9+10i kutoa 7+6i, yaani 2+4i, na nomu yake tumeshaipata: 20. Tuligawia namba yenye nomu 17, tumebakiwa na yenye nomu 20. Baki imezidi kile tulichogawia, na sharti limevunjika.

Kosa hili huwapata hasa wanaoandika programu za kompyuta, kwa kuwa lugha nyingi za programu zikigawanya namba nzima kwa namba nzima hukata desimali bila kukadiria. Programu itatoa majibu sahihi kwa mifano kadhaa, kisha siku moja itakutana na sehemu mbili zote zilizokaribia kupanda, kama 2.71 na 1.82. Dalili yake ni rahisi kuiona: pima nomu ya baki kila hatua. Ikizidi nusu ya nomu ya namba unayogawia, hujachukua namba ya karibu.

Kwa nini nusu? Hapo ndipo uthibitisho wenyewe ulipo, na ni mfupi kuliko mfano wetu. Tuiite namba inayogawanywa A, na tunayogawia B, ambayo si sifuri. Mgawanyo kamili wa A kwa B una sehemu mbili za desimali. Kadiria kila moja hadi namba nzima iliyo karibu, upate jibu tuliite Q. Kila desimali iko kati ya namba nzima mbili zinazofuatana, kwa hiyo umbali wake hadi iliyo karibu hauzidi nusu. Basi tofauti kati ya mgawanyo kamili na Q ni namba changamano ambayo sehemu zake zote mbili hazizidi nusu, ukiacha alama ya hasi. Nomu ya tofauti hiyo haizidi nusu mara nusu, jumlisha nusu mara nusu. Robo na robo ni nusu.

Baki ni A kutoa B mara Q. Lakini A yenyewe ni B mara mgawanyo kamili. Kwa hiyo baki ni B mara ile tofauti. Sasa lete ile sifa niliyokuomba uishike, ambayo inafanya kazi hata kwa desimali: nomu ya baki ni nomu ya B mara nomu ya tofauti, na nomu ya tofauti haizidi nusu. Kwa hiyo nomu ya baki haizidi nusu ya nomu ya B. Na kwa kuwa A, B na Q zote ni namba kamili za Gauss, baki nayo ni namba kamili ya Gauss. Tumemaliza. Namba kamili za Gauss ni domeni ya Euklides: daima unaweza kugawanya ukapata baki ambayo nomu yake ni ndogo kuliko ya namba uliyogawia.

Anayependa kuona kwa macho afikirie sakafu ya vigae vya mraba, kila kigae upande wake ni kipimo kimoja, na kila kona ya kigae ni namba kamili ya Gauss. Mgawanyo kamili ni nukta fulani juu ya sakafu hiyo, na kukadiria ni kwenda kwenye kona iliyo karibu. Mahali palipo mbali kuliko pote na kona ni katikati ya kigae, na kutoka hapo hadi kona ni nusu ya ulalo. Ulalo wenyewe, ukipandishwa kipeo cha pili, ni 2. Nusu ya ulalo ikipandishwa vivyo hivyo ni robo ya 2, ambayo ni nusu. Ni ile nusu yetu.

Katikati ya kigae pana jambo jingine la kuangaliwa. Gawanya 1+i kwa 2. Mgawanyo kamili ni nusu jumlisha nusu i, katikati kabisa. Kona zote nne ziko umbali mmoja: 0, 1, i, na 1+i. Kila moja ni jibu halali, na kila moja ina baki yenye nomu 2, ndogo kuliko 4 ambayo ni nomu ya 2. Kwa hiyo jibu la kugawanya katika namba hizi si lazima liwe moja. Wanafunzi hufadhaika hapa, lakini ufafanuzi wa domeni ya Euklides haudai jibu la pekee. Unadai kuwepo kwa jibu lenye baki ndogo. Wawili wanaweza kupita njia tofauti na kigawo kikubwa cha shirika watakachokipata kikawa kilekile, isipokuwa huenda mmoja wao akawa na chake kimezidishwa kwa hasi 1, au i, au hasi i.

Na kasi yake inavutia. Kila hatua nomu inapungua angalau kwa nusu. Ukianza na namba ya kugawia yenye nomu chini ya 1000, baada ya hatua kumi nomu lazima iwe chini ya 1, na nomu, kwa kuwa ni namba nzima isiyo hasi, ikiwa chini ya 1 ni sifuri. Hatua kumi, si zaidi, na mara nyingi ni chache kuliko hizo.

Tuitumie basi. Mnamo Desemba 1640 Pierre de Fermat alimwandikia Marin Mersenne kwamba kila namba tasa ambayo ukiigawanya kwa 4 inabakiza 1, ni jumla ya vipeo vya pili viwili. Chukua 29. Ni tasa, na kwa 4 inabakiza 1. Hivyo vipeo viwili ni vipi? Kwanza tafuta namba ambayo kipeo chake cha pili, ukiongeza 1, kinagawanyika kwa 29. Namba 12 inafaa: 12 mara 12 ni 144, ongeza 1 ni 145, na 145 ni 5 mara 29. Sasa angalia 145 kwa jicho la Gauss: ni 12+i mara 12 kutoa i. Namba 29 inagawanya zao hilo, lakini haigawanyi yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa 12 juu ya 29 si namba kamili. Hiyo ni ishara kwamba miongoni mwa namba za Gauss 29 si tasa tena. Sehemu yake imo ndani ya 12+i. Ili kuitoa, tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 29 na 12+i.

Gawanya 29 kwa 12+i. Zidisha juu na chini kwa 12 kutoa i: chini ni 145, juu ni 29 mara 12 kutoa i. Kata 29 juu na chini, inabaki 12 kutoa i, juu ya 5. Kwa desimali ni 2.4 kutoa 0.2i. Kadiria: 2 na 0. Jibu ni 2. Baki ni 29 kutoa 24 kutoa 2i, yaani 5 kutoa 2i. Nomu yake ni 29, wakati tuligawia namba yenye nomu 145. Hatua ya pili: gawanya 12+i kwa 5 kutoa 2i. Zidisha juu na chini kwa 5+2i. Chini ni 29. Juu, sehemu halisi ni 60 kutoa 2, yaani 58; sehemu ya i ni 24 jumlisha 5, yaani 29. Jibu ni 2+i kamili, baki sifuri. Kigawo kikubwa cha shirika ni 5 kutoa 2i, na nomu yake, 25 jumlisha 4, ni 29. Vipeo tulivyovitafuta ni vya 5 na 2. Kwa mgawanyo mara mbili tu tumefika.

Kabla sijaaga, lazima niseme njia hii inakoishia, maana wapo wanaodhani kukadiria kunafaa popote penye kipeuo cha namba hasi. Weka kipeuo cha pili cha hasi 5 mahali pa i. Nomu sasa ni kipeo cha sehemu ya kwanza jumlisha mara 5 ya kipeo cha sehemu ya pili. Vigae vimegeuka mistatili mirefu, na katikati ya mstatili nomu ya tofauti, tuiite kosa, ni robo jumlisha robo tano, yaani 1.5. Imezidi 1, kwa hiyo uthibitisho wetu umekwama. Kukwama kwa uthibitisho peke yake hakutoshi kusema hii si domeni ya Euklides, kwa kuwa huenda kipimo kingine kingefaa badala ya nomu. Lakini hapa hakuna kipimo kitakachofaa. Katika kila domeni ya Euklides namba huchanguliwa kwa njia moja tu, na hapa 6 ina njia mbili: ni 2 mara 3, na pia ni 1 jumlisha kipeuo hicho, mara 1 kutoa kipeuo hicho. Nomu za vipande hivyo vinne ni 4, 9, 6 na 6. Ili kimojawapo kivunjike zaidi ingehitajika namba yenye nomu 2 au 3, na hakuna. Kwa kipeuo cha hasi 2, kosa ni robo jumlisha robo mbili, yaani robo tatu, na kukadiria kunafaulu. Kwa kipeuo cha hasi 3 kosa linafika 1 kamili katikati ya mstatili, na hiyo 1 inatosha kuharibu: 4 ni 2 mara 2, na pia ni 1 jumlisha kipeuo hicho mara 1 kutoa kipeuo hicho.

Nawaachia kazi ya kufanya nyumbani. Namba 97 ni tasa, na kwa 4 inabakiza 1. Kipeo cha pili cha 22 ni 484. Ongeza 1 upate 485, ambayo ni 5 mara 97. Gawanya 97 kwa 22+i, kadiria kila sehemu hadi iliyo karibu, chukua baki, kisha gawanya 22+i kwa baki hiyo. Ukimaliza utakuwa na vipeo viwili ambavyo jumla yake ni 97. Ikiwa mgawanyo wa pili haukutoa baki sifuri, rudi kwenye ule wa kwanza uangalie kama 4.4 uliikadiria kuwa 4.